Maneno Mawili Aliyoyafuta Akur

Akur Madut ana miaka minne kwenye mapokezi ya hoteli moja ya mtaa wa Hai Jalaba, Juba, na kwa miaka hiyo minne kazi yake kubwa imekuwa kuwaambia wageni kwamba jenereta inawaka sasa hivi. Haiwaki. Mgeni anajua haiwaki, Akur anajua kwamba mgeni anajua, na bado wanaagana kwa tabasamu. Huo ni uongo wa mwajiri na umo ndani ya mshahara. Uongo wake mwenyewe ndio uliomshinda kubeba.

Alikulia Kitale, akamaliza kidato cha nne huko, kisha akarudi Juba na Kiswahili kilichowafanya binamu zake wamwite Mkenya kwa mwezi mzima. Anakaa Munuki, chumba na sebule, pamoja na mdogo wake Kuany. Kuany ana miaka ishirini na minne, anaendesha boda boda, na anakula kama watu watatu waliofunga. Mama yao yuko mtaa wa New Site, na kuku wake na dawa zake za presha.

Kuna kikundi cha Facebook ambacho Wakenya wa Juba na sisi tuliolelewa Kenya tunakitegemea kuliko serikali. Huko ndiko unauliza nani anatengeneza friji, wapi kuna daktari wa meno asiyetetemeka, nani anapanda basi la Jumamosi akubebee cheti. Msimamizi wake ni Jedidah, dada wa benki, mtu anayeweza kukufungia nje ya kikundi kwa kuandika salamu ndefu. Amebandika kanuni zake juu kabisa. Ya tatu inasema hivi: ukipendekeza biashara au kazi ya mtu wako, sema ni mtu wako, kwenye komenti hiyohiyo, mwanzoni, si inboksi na si baada ya kuulizwa.

Kanuni nzuri. Tatizo ni kwamba Akur alikuwa ameona inavyowatenda watu. Mama mmoja aliandika kwamba saluni anayoisifia ni ya wifi yake, akapata vicheko ishirini na moja, na Phineas, fundi wa AC ambaye ulimi wake ni baridi kuliko mashine zake, akamjibu: "Na mimi mamangu anasema mimi ni mzuri." Mteja hakuonekana hata mmoja.

Basi siku Kerubo alipouliza, Akur aliikumbuka ile saluni.

Kerubo ni nesi, Mkenya, analea binti yake peke yake. Binti anaitwa Daisy, ana miaka saba. Aliandika: "Natafuta mtu wa boda wa kuaminika kabisa wa kumtoa mtoto wangu shule saa nane na kumfikisha nyumbani Munuki. Zamu yangu inaisha saa kumi na moja. Tafadhali, mtu mnayemjua kweli."

Akur akaandika, mikono ikiwa chini ya kaunta ili meneja asione: "Mpigie Kuany, ni mdogo wangu, nimepanda pikipiki yake miaka mitatu. Mpole, hanywi, anavaa kofia." Akaweka namba. Akaisoma. Akarudi nyuma na kidole, akafuta "ni mdogo wangu", maana yake maneno mawili na kijineno kimoja cha kuyashika. Ikabaki komenti safi, ya mtu asiye na haja. Kila neno lililobaki lilikuwa kweli. Hilo ndilo alilojiambia, na ukitaka kujua mtu ameshaanza kudanganya, msikilize anapohesabu maneno yake yaliyo kweli.

Kofia ilikuwa kweli kweli. Hakusema tu kwamba msimu wa mvua uliopita Kuany alimwangusha kwenye tope karibu na soko la Custom, akachunika goti. Lakini nani huandika hayo?

Kuany akapata kazi. Wiki sita zikapita, mtoto anafika nyumbani saa nane na nusu kila siku, Kuany akaanza kujinunulia chakula, na cha Akur kikaanza kubaki sufuriani. Angeweza kulala usingizi. Wiki ya tatu, hata hivyo, Kerubo alimtumia ujumbe: "Dada Akur, hatujawahi hata kuonana na umenisaidia hivi. Watu wote walionijibu walikuwa wanasukuma ndugu zao. Wewe peke yako ulikuwa huna faida. Mungu akubariki."

Akur aliusoma ujumbe huo mara nne. Ulikuwa umefungua mlango na kumwekea kiti. Angeandika, "Mama Daisy, kusema ukweli…" na mambo yangeisha kwa aibu ya siku mbili. Akaandika, "Amina dada, usijali." Kuanzia hapo, kila simu ilipolia na jina la Kerubo, alitoka nje kwanza ndipo apokee, kama mtu aliyeitwa ofisini.

Alhamisi ya wiki ya saba mvua ilishuka saa saba mchana, ile mvua ya Juba ambayo haikuombi ruhusa. Saa kumi kasorobo Akur alikuwa akimwambia mgeni kuhusu jenereta, simu ikatetemeka juu ya kaunta. Akatupa jicho.

Ilikuwa posti ya Kerubo kwenye kikundi. "Daisy hajafika nyumbani. Ametoka shule saa nane, mwalimu amemwona akipanda pikipiki ya Kuany. Dada wa nyumbani anasema hawajaonekana. Namba ya Kuany imezimwa. Nimetoka kazini niko njiani. Tafadhali anayemjua huyu kijana." Chini yake, picha ya Kuany kwenye pikipiki, ameikunja midomo kama msanii. Picha hiyo Akur mwenyewe ndiye aliyempiga, mlangoni pao.

"Madam, hiyo jenereta?" mgeni akauliza.

"Itarudi," Akur akasema, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu.

Ukiishi Juba unajua maana ya mtoto asiyefika. Kila mtu ana hadithi ya mtoto aliyechukuliwa, na hata wasio na hadithi wana jirani mwenye hadithi. Komenti zikaanza kushuka zenyewe kama mvua.

"Hawa wa boda ndio wanaouza watoto."

"Namba yake imezimwa? Basi ameshavuka mji."

"Mimi iko steji ya Munuki, sisi nangoja yeye. Yeye kipita hapa, hapana fika polisi." Huyo alikuwa Linus, mwenyekiti wa steji, Mganda mwenye mabega mapana. Na Kiswahili cha Linus hakina mapambo: "Mimi iko na petroli hapa."

Akur akaingia choo cha wafanyakazi, akafunga mlango, akarudisha sauti ya simu. Akapiga laini ya kwanza ya Kuany. Imezimwa. Kuany ana laini ya pili, anayoitumia kwa wasichana na kwa dadake tu, na kikundini hakuna aliyeijua. Akaipiga. Nayo imezimwa. Simu ni moja, laini mbili. Ikizima imezima zote. Simu ya mama ilikuwa kwa fundi tangu wiki iliyopita.

Akakaa juu ya kifuniko cha choo na wazo likamjia ambalo hajamwambia mtu isipokuwa mimi, na aliliambia akitazama sakafu. Je, kama ni kweli? Analala sebuleni kwako, unajua anavyokoroma, unajua anaogopa buibui. Lakini unajua nini hasa? Alikaa na wazo hilo kwa muda wa dakika moja, na anasema dakika hiyo ndiyo inayomwamsha hadi leo, si mvua wala steji.

Simu ikalia. Namba ngeni. Akaiacha ilie mpaka ikakata. Ni hao wa kikundini, aliwaza. Wameshajua. Ikalia tena, namba ileile. Akaibana sauti. Ikalia mara ya tatu huku ikitetemeka mkononi mwake kama kitu hai, naye akaigeuza uso chini kwenye goti, ili asiione.

Kisha Kerubo akapiga. Huyo hakuweza kumwacha.

"Akur, wewe ulisema unamjua." Sauti ya Kerubo ilikuwa tulivu, ule utulivu wa manesi ambao ni mbaya kuliko kilio. Nyuma yake palikuwa na injini ya raksha, zile bajaji za Juba, na maji. "Anakaa wapi?"

Anakaa kwangu. Jibu lilikuwa na maneno mawili tu. Lakini Akur alimwona Linus na petroli yake akiingia kwenye ua wao, akaona watu wakielekea New Site kwa mama na presha yake.

"Mimi namjua kama boda tu, Mama Daisy."

"Miaka mitatu umepanda pikipiki yake na hujui analala wapi?"

"Sijui."

"Sawa," Kerubo akasema. "Asante." Akakata.

Hiyo asante. Akur anasema Kerubo angemtukana, yeye angekuwa na kitu cha kushika.

Aliporudi kaunta alikuta Jedidah ameingia kwenye komenti, na Jedidah hapigi kelele, anauliza kama mtu wa mkopo. Alikuwa ameibandika tena komenti ya Akur ya wiki saba zilizopita, watu ishirini na tatu wameipenda. Chini yake: "Akur, wewe ndiye ulimpendekeza. Swali moja na nataka jibu hapa mbele ya watu. Una uhusiano gani na huyu kijana?"

Na Phineas, ambaye hata matanga atayatafutia mzaha: "Kimya cha Akur nacho kimevaa kofia."

Akur akalitazama lile swali. Angeweza kuondoka kikundini. Angeweza kufuta komenti, lakini Jedidah alishaipiga picha, na tena kuifuta kungekuwa jibu lenyewe. Akahesabu anachokijua yeye ambacho watu mia mbili wanaomtafuta mtoto hawakijui. Alijua Kuany analala wapi. Alijua kwamba mvua ikimkuta upande wa shule, hawezi kurudi Munuki kwa njia ya kawaida, maana khori, ule mkondo wa maji ya mvua ulio katikati, ikijaa inabeba hata raksha. Alijua kwamba akikwama upande huo ana mahali pamoja tu pa kwenda. Yote hayo aliyajua kwa sababu moja, na sababu hiyo ndiyo aliyoifuta kwa kidole.

Hakumjibu Jedidah kwanza. Alimpigia Kerubo.

"Mama Daisy, usikate. Kuany ni mdogo wangu. Tumbo moja. Analala kwangu, hapo nyuma ya kanisa. Niliandika nikafuta, na uliponishukuru nikanyamaza, na sasa hivi nimekudanganya tena. Mvua ikimkuta huko anakwenda kwa mama yetu, New Site. Naja kukuchukua twende."

Upande wa pili Akur akamsikia Kerubo akimwambia dereva asimame.

"New Site sehemu gani?" Kerubo akasema.

Akamwambia, hatua kwa hatua, duka la rangi ya bluu, kisima, geti la mabati lenye msalaba. Akamwambia kwa simu, si kwenye kikundi. Kikundini akaandika mistari mitatu: "Kuany ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nilipompendekeza nilificha hilo, nilikosea. Mama Daisy nimeshampa kila ninachokijua, tunaenda pamoja. Linus, mimi ndiye dada yake, ukiwa na neno ningoje mimi." Akatuma. Akamwambia meneja ana msiba mdogo. Meneja akauliza msiba mdogo ni upi. Akur akavua viatu, akatoka.

Alikuwa langoni, viatu mkononi, simu ilipolia tena. Namba ngeni ileile. Kama ni tusi, basi na lije, alikuwa hana tena cha kuficha. Akapokea.

"Dada, kwani simu yako ina nini?" Ilikuwa sauti ya Kuany, ndogo, yenye hasira ya mtoto. "Nimekupigia mpaka mwenye simu ananiangalia vibaya. Yangu imeingia maji. Namba ya Mama Daisy iko humo ndani, sina kichwani, kichwani nina yako tu. Mpigie umwambie mtoto yuko kwa mama. Khori imejaa, nilikataa kuvuka. Nilianza kukupigia saa tisa."

Saa tisa Akur alikuwa na simu mfukoni, imezimwa sauti kwa ajili ya wageni. Saa kumi alikuwa nayo gotini, uso chini.

"Yuko mzima?"

"Amekula kisra sahani mbili, amelala. Mama amemvalisha fulana yake. Kwani kuna nini?"

Akur alikaa chini, palepale kwenye tope la langoni, na mlinzi wa hoteli akasema malesh, malesh, pole dada, akidhani ni msiba kweli. Alimpigia Kerubo akiwa chini hivyohivyo.

Kerubo alifika New Site kabla yake. Akur alipoingia uani, Kerubo alikuwa amemshika Daisy kwa nguvu iliyomwamsha mtoto vibaya, na mtoto akawa analalamika kwamba anataka kubaki na kuku. Mama yao alikuwa amesimama na birika la chai mkononi, haelewi kwa nini mgeni analia. Kuany ameegemea pikipiki. Watu wa raksha walikuwa wameshamwonyesha ile posti. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Walisema petroli, dada," akamwambia Akur. "Linus nilimnunulia soda jana."

Kerubo akamkabidhi mama yao mtoto, akamsogelea Akur. Akur akangoja kofi. Wengine wangesema lilistahili kuja.

"Unajua ni nini kinachoniuma?" Kerubo akasema. "Si kwamba ni mdogo wako. Ungesema tangu mwanzo, labda ningecheka, labda ningemwita mwingine. Lakini kama ningemchukua, saa nane na nusu mtoto asipofika ningekupigia wewe. Ningesema, dada, mdogo wako yuko wapi, na wewe ungeniambia New Site. Nimekaa saa mbili, Akur. Nimepiga simu mochwari mbili."

Akur akaokota kiatu cha Daisy kilichoanguka, akakipangusa tope.

"Na ile komenti bado iko," Kerubo akaendelea. "Wiki iliyopita mama mwingine kazini kwetu alichukua namba kutoka hapohapo, kwa sababu wewe huna faida."

Akur akatoa simu. Hakuifuta komenti. Aliifungua akaihariri, juu kabisa, kabla ya sifa yoyote, Kuany akisoma begani kwake: "Kuany ni mdogo wangu, tunakaa nyumba moja, hunipeleka kazini bure. Kwa hiyo nina upendeleo. Mvua iliyopita aliniangusha Custom, goti likachunika. Hanywi, anavaa kofia, akiona maji mengi havuki. Simu yake ikizima nipigieni mimi." Akaweka namba yake.

"Umeandika hadi Custom?" Kuany akauliza.

"Nimeandika."

"Nani atanipa mtoto wake sasa?"

"Sijui, Kuany."

Akabonyeza. Pembeni pakatokea neno la kuonyesha imehaririwa, na anayetaka angeweza kugusa hapo aone ilivyokuwa zamani, pamoja na tarehe. Akur alilijua hilo. Kerubo akaisoma kwenye simu yake mwenyewe, taratibu, kama anayesoma dozi. Hakuipenda wala hakuijibu. Akamchukua Daisy, akapanda raksha, na kabla haijaondoka akasema, "Kesho nitamchukua shule mwenyewe. Jumatatu nitakupigia," bila kusema atapiga kusema nini.

Ikabaki njia ya kurudi Munuki. Jua lilikuwa bado lipo, jembamba, na khori imeshuka. Posti ilikuwa imeshajibiwa kwamba mtoto amepatikana, lakini si kila aliyekaa steji ana bando, na wanaume waliokaa saa mbili wakingojea mtu huwa hawapendi kuambiwa waende nyumbani.

"Nilale hapa kwa mama," Kuany akasema.

"Na kesho?"

Kuany akafunga kofia. Akawasha pikipiki. Akur akapanda nyuma, akamshika kiunoni, na akausikia moyo wa mdogo wake ukipiga mgongoni, au labda ulikuwa wake.

Steji ilikuwa imejaa. Walipoingia kwenye kona mazungumzo yakakatika. Pikipiki mbili zikasogezwa barabarani, mbele yao. Linus akatoka katikati ya watu, mikono mitupu, lakini kando ya benchi kulikuwa na kidumu cha lita tano na hakuna aliyejaribu kukificha. Kuany alikuwa ameshapunguza mwendo. Mguu wake ulikuwa chini.

Akur hakungoja kuulizwa. Alishuka kabla pikipiki haijasimama, akajiweka mbele ya gurudumu, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Linus, huyu ni mdogo wangu," akasema, kwa sauti ya kufika hadi benchi la nyuma. "Mtoto yuko na mamake. Mpigie Mama Daisy, namba yake ninayo. Makosa ni yangu, sikusema ni wangu."

Linus akamtazama yeye, akamtazama Kuany, akarudi kwake.

"Mimi naona yeye nabeba wewe kila siku, kwenda hoteli," Linus akasema mwisho. "Kila siku. Wewe hapana sema hii mtu ni ndugu yako."

"Sikusema."

"Leo sisi nakuwa nachoma yeye."

"Najua."

Linus akatoa simu mfukoni, skrini yake imepasuka, akanyoosha mkono apewe namba. Akur akamtajia tarakimu moja moja. Linus akaweka simu sikioni na steji nzima ikanyamaza, wakisikiliza ikilia upande wa pili, mara moja, mara mbili, mara tatu, na Akur hakuuachia usukani mpaka aliposikia Kerubo akipokea.